Kiuno, presha, sukari na mafuta: wanachokosea watu kuhusu sindromu ya metaboliki

Dhana: "Vipimo vyangu vimezidi kidogo tu, sina ugonjwa."

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Chukua mwanamume wa miaka 44 mwenye kilo 84. Kiuno chake ni sentimita 98, presha 132/86, sukari kabla ya kula 5.9, triglisaraidi, yaani mafuta ya kwenye damu, 1.9, na kolesteroli nzuri, ile ya HDL, 1.1. Hana kisukari, maana kisukari huanzia 7.0. Presha yake nayo haijafika 140/90. Ukisoma namba moja moja, hakuna inayotisha.

Lakini sindromu ya metaboliki ni mkusanyiko wa namba hizi zikizidi kwa mtu mmoja; huhesabiwa kwa pamoja, na mtu huwa nayo akifikisha vigezo vitatu kati ya vitano: kiuno kipana, presha kuanzia 130 kwa namba ya juu au 85 kwa namba ya chini, sukari kuanzia 5.6, triglisaraidi kuanzia 1.7, na HDL chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Huyu ana vinne; HDL tu ndiyo imemnusuru. Anayemeza dawa ya presha au sukari huhesabiwa kigezo hicho hata kama namba zake zimetulia.

Namba hizi hupanda pamoja kwa sababu mafuta yaliyozunguka ini na utumbo huifanya insulini, homoni inayodhibiti sukari, ishindwe kazi yake. Ini likiacha kuitii, huendelea kumwaga sukari kwenye damu na kutengeneza triglisaraidi zaidi.

Dhana: "Kiuno changu nakijua, navaa suruali namba 34."

Suruali hufungwa chini ya kitambi, kwa hiyo haisemi kitu. Simama wima, tafuta ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, kisha zungusha futi ya fundi cherehani katikati ya hizo mbili. Usiibane, wala usivute tumbo ndani. Soma baada ya kutoa pumzi ya kawaida. Mpaka wa kiuno kipana hutofautiana: mwongozo mmoja husema 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake, mwingine 102 na 88. Kwa bwana yule haibadilishi kitu: ukimwondolea kiuno, bado anabaki na vitatu.

Presha nayo ipimwe baada ya kukaa kimya dakika tano. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu isiyo ya kweli.

Dhana: "Nipewe kidonge cha kuiondoa."

Hakuna kidonge kimoja cha sindromu hii. Daktari hutibu kila kigezo kwa hatari yake, na kwa namba kama hizi mara nyingi huanza na uzito. Si lazima mtu arudie mwili wa ujanani: asilimia 7 ya kilo 84 ni kama kilo 6, na kiasi hicho huweza kushusha sukari, presha na triglisaraidi kwa pamoja. Huongezewa mwendo wa haraka wa dakika 150 kwa wiki. HDL ndiyo mkaidi, hupanda polepole, na kuipandisha kwa dawa hakujaonyesha faida ya kuaminika kwa moyo.