Rilei haijui betri imechoka: dhana potofu kuhusu kukata mizigo ya umeme jua

Mfano wetu ni nyumba yenye betri moja ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100. Mizigo ya lazima ni taa nne za wati 5, zinazowaka usiku kucha. Isiyo ya lazima ni televisheni, king'amuzi na subufa, jumla wati 100, vyote vikipita kwenye inveta. Ukihesabu na umeme unaopotea ndani ya inveta, hivyo vitatu vinavuta kama ampea 10 kutoka kwenye betri. Taa zote nne hazifiki ampea 2.

Dhana: Rilei ya volti 12 itaachia yenyewe betri ikishuka chini ya 12.

Haiachii. Rilei ni swichi inayovutwa na koili ikipata umeme. Ile "12V" iliyoandikwa mgongoni ni volti ya kuendeshea koili, wala si kipimo. Rilei ya gari hushika volti zikifika kama 8 hivi, na ikishashika huendelea kung'ang'ania mpaka zishuke mno, mara nyingi chini ya 5. Betri itakuwa imekufa zamani na rilei bado imeshika. Ni lazima pawe na kitu kinachopima: moduli ya volti yenye skrini ndogo, unayoweza kuipangia volti ya kukata, volti ya kurudisha na muda wa kusubiri. Rilei ni mkono tu. Moduli ndiyo jicho.

Hapo hapo kuna kosa la pili. Fundi anaunga mzigo kwenye mguu ambao umefungwa koili ikiwa haina umeme (87a kwenye rilei ya gari), ili koili iamke betri ikichoka na kukata. Matokeo yake, koili inaanza kula betri wakati ule ule betri imeishiwa. Na waya wa koili ukikatika, televisheni haikatwi hata betri ikichoka. Unga kinyume chake: koili ipate umeme wakati betri ni nzima, mzigo upite mguu wa 87, unaofungwa koili ikiwa na umeme, na betri ikichoka koili inyimwe umeme. Hata waya wa koili ukikatika, kinachozimika ni televisheni na betri inabaki salama.

Dhana: Inveta inalia na kujizima kwa 10.5, kwa hiyo betri inalindwa.

Volti 10.5 ndipo maabara zinapohesabu kuwa betri ya asidi imekwisha kabisa. Inveta inajilinda yenyewe tu. Betri iliyofikishwa hapo na kuachwa hivyo mpaka jua litoke hujenga fuwele ngumu za salfati kwenye sahani zake, na kila usiku wa namna hiyo unapunguza uwezo wake wa kupokea chaji.

Kwa nyumba hii, kata televisheni na wenzake kwa 11.8, huku mzigo ukiwa unavuta. Hapo betri iko karibu nusu. Taa ziunge kwenye sehemu ya LOAD ya kontrola ya chaji, ambayo nyingi hukata kwa 11.1 hivi. Kwa hiyo kuna ngazi mbili: burudani inatangulia kuzima, mwanga unabaki. Betri za lithiamu zina hesabu nyingine kabisa, maana volti zao hukaa karibu 13 kwa muda mrefu kisha huporomoka ghafla, usizipangie 11.8.

Dhana: Ikikata kwa 11.8, irudishe kwa 12.

Hili ndilo linaloua rilei nyingi. Betri iliyokuwa ikitoa ampea 12 ikipunguziwa mzigo mpaka ampea 2, volti zake hupanda zenyewe ndani ya dakika chache, hadi 12.1 au zaidi, bila kuongezewa chaji yoyote. Rilei inarudisha televisheni, volti zinashuka, inakata, zinapanda. Utasikia ta-ta-ta ukutani, na picha inawaka na kuzima. Kila mgongano unatoa cheche, na siku moja midomo ya rilei itaungana kama iliyochomelewa. Dalili yake ni hii: moduli inaonyesha imekata, lakini televisheni inaendelea.

Panga irudishe kwa volti 13. Betri iliyopumzika haifiki hapo bila kuchajiwa, kwa hiyo moduli itasubiri jua. Kisha weka muda wa kusubiri wa sekunde 60 kabla ya kukata. Inveta inapowashwa, au subufa inapopiga besi nzito, volti huzama kwa muda mfupi na kurudi. Bila kusubiri, moduli itakata kwa sababu ya wimbo.

Dhana: Moduli ikionyesha 11.8, betri iko 11.8.

Pima. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ukitoka kwenye betri mita 4 na kurudi mita 4, unapoteza karibu volti 0.6 ukibeba ampea 10. Moduli iliyoungwa mwisho wa waya huo itaona 11.8 wakati betri ni 12.4, na watu watalalamika kuwa betri mpya haina nguvu. Waya za kupimia ziende zenyewe moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, na fyuzi ya ampea 1 iwe karibu na kichwa cha chanya. Weka mita kwenye betri huku mzigo ukiwaka; tofauti na skrini ikizidi volti 0.1, tafuta waya mwembamba au kiungo kilicholegea.

Dhana: Ukiwa na taima, moduli ya nini?

Taima inajua saa, haijui mawingu. Hesabu ya siku nzuri ni hii: taa saa 12 zinakula kama ampea-saa 20, televisheni kuanzia saa 1 usiku hadi saa 4 inakula 30. Jumla 50, nusu ya betri. Ikiachwa hadi saa 6 usiku, jumla inakuwa 70. Taima inazuia hilo kila siku. Moduli inashughulikia siku ambayo mvua imenyesha na betri haikujaa.

Viunge kwa mfuatano. Chanya itoke kwenye moduli, ipite kwenye swichi ya taima, ndipo ifike kwenye koili ya rilei. Mmoja wao akikataa, televisheni haiwaki. Midomo ya rilei, iwe ya ampea 10 kwa volti 250 AC, ikate waya wa laivu unaotoka kwenye inveta kwenda soketi ya televisheni. Kwenye koili funga dayodi 1N4007, mstari wake ukielekea upande wa chanya, la sivyo mruko wa volti koili inapozimwa utaharibu moduli. Kazi ya upande wa AC ifanywe inveta ikiwa imezimwa.

Taima husoma saa za masaa 24. Saa 4 usiku ni 22:00. Ukiandika 04:00 itazima alfajiri, na betri utaikuta chini.

Na ukikata laivu, inveta yenyewe bado iko macho, ikinywa karibu nusu ampea. Kwa muda wa saa tisa, kuanzia saa 4 usiku hadi saa 1 asubuhi, ni ampea-saa 4 na zaidi, sawa na taa zote nne kwa zaidi ya saa mbili. Kama inveta ina tundu la swichi ya mbali, rilei iamrishe hapo badala ya kukata laivu. Usiiunge inveta kwenye LOAD ya kontrola ili ikatwe huko: kapasita zake hufyonza mkupuo mkubwa wa umeme inapowashwa, na LOAD ya ampea 10 au 20 huungua ndani.