Kuchakaa kwa jengo kwenye renda

Renda ni picha ya jengo iliyotengenezwa kwa kompyuta. Kuchakaa, katika kazi hiyo, ni zile alama ambazo mvua, jua na unyevu huacha ukutani: michirizi, ukoga, rangi iliyopauka. Ukiziacha, nyumba inaonekana ya plastiki. Ukizimwaga ovyo, inaonekana imepakwa matope.

Chukua nyumba ya ghorofa ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa plasta ya chokaa, ikakarabatiwa. Kabla ya kugusa kompyuta, jiulize: picha hii ni ya siku ya kukabidhi ufunguo, au ya baada ya masika matano? Kama ni ya siku ya kukabidhi, ukuta uwe safi, na uzee ubaki kwenye mlango wa kuchonga na ngazi za mawe ambazo fundi hakuzibadilisha. Kama ni ya baadaye, fuata maji.

Maji hayaanzii katikati ya ukuta. Kwenye kizingiti cha dirisha kilichotokeza nje, hukusanyika na kumwagikia pembeni, kwa hiyo michirizi miwili huanzia kwenye ncha zake, mieusi juu, ikififia kadiri inavyoshuka. Chini ya bati lisilo na gata, mchirizi hufuata kila bonde la bati. Ukoga hukaa palipo na kivuli na unyevu: chini ya ukuta, ambako maji hupanda kutoka ardhini, na kwenye vichochoro visivyofikiwa na jua. Mara nyingi ni mweusi kuliko kijani, jambo ambalo wengi hukosea.

Katika Blender, programu ya kutengenezea renda, michirizi hupatikana kwa `Noise Texture` iliyovutwa wima: kwenye `Mapping` iliyounganishwa na `Object` ya `Texture Coordinate`, shusha `Scale` ya Z hadi 0.1 na uache X na Y kwenye 1. Peke yake hujaza ukuta mzima, kwa hiyo paka kwa mkono maski, yaani picha inayoonyesha michirizi ikae wapi: nyeupe chini ya vizingiti tu, na nyeusi kwingine, kisha zidisha hizo mbili. Kwa ukoga, `Ambient Occlusion` husaidia kupata pembe zilizojificha, ila haijui maji yanapita wapi. Hapo pia mkono unahitajika.

Rangi nayo ina tabia yake. Chokaa huchujuka taratibu, ikaacha mabakamabaka laini na tabaka la zamani likachungulia. Rangi ya plastiki juu ya ukuta wa chokaa huzuia unyevu kutoka, ikavimba na kubambuka vipande vyenye kingo kali. Ukichora mabambuko hayo kwenye nyumba ambayo maelezo ya mradi yanasema imepakwa chokaa, fundi mzoefu atakukamata kabla hajamaliza kuitazama picha.