Nambari ya nne: kusoma rangi ya pikseli kwenye kanvasi

Duka la kuchapa fulana karibu na River Road, Nairobi, lina ukurasa wa kuchagulia rangi. Mteja anapakia nembo yake, anabofya sehemu ya picha, na ukurasa unamtajia rangi ya hapo alipobofya ili wino uandaliwe. Mambo yanakwenda vizuri mpaka aje mtu na nembo ya PNG yenye kivuli laini chini ya maandishi. Anabofya kivuli hicho, ambacho kwa macho ni kijivu hafifu, na ukurasa unamjibu: nyeusi tititi. "Bosi, hii kitu yako haioni?" Inaona. Aliyeandika programu amesoma nambari tatu na kuiacha ya nne.

Kusoma rangi ya pikseli ni kukiuliza kivinjari ni nini hasa kimehifadhiwa katika nukta moja ya picha. Picha ya kawaida iliyo kwenye ukurasa haiulizwi moja kwa moja, kwa hiyo kwanza inachorwa kwenye kanvasi, yaani kipengele `<canvas>`, kisha kanvasi ndiyo inayoulizwa:

```js
const ctx = kanvasi.getContext('2d');
ctx.drawImage(picha, 0, 0);
const [r, g, b, a] = ctx.getImageData(x, y, 1, 1).data;
```

Zile 1 mbili za mwisho zinamaanisha eneo la pikseli moja kwa upana na moja kwa urefu. Jibu ni nambari nne: nyekundu, kijani, bluu na alfa, kila moja kati ya 0 na 255. Angalia hapo kwenye alfa. Katika CSS tumezoea kuiandika kati ya 0 na 1, lakini hapa 255 ndiyo rangi iliyoziba kabisa, na 0 ni uwazi mtupu.

Kabla hatujaiingia hiyo alfa, kuna vikwazo viwili vya kupita haraka. Cha kwanza ni mahali. Kanvasi yenye upana wa pikseli 800 ikibanwa na CSS ionekane 400 kwenye simu, mbofyo wa `offsetX` 100 unaangukia pikseli ya 200, kwa hiyo zidisha kwa `kanvasi.width / kanvasi.clientWidth`, na ufanye vivyo hivyo kwa urefu. Ukisahau, utapata rangi halisi ya mahali ambapo mteja hakubofya, na kosa la aina hiyo halitoi onyo lolote. Cha pili kinapiga kelele: picha ikitoka kwenye tovuti nyingine, `getImageData` inakataa kwa `SecurityError`. Dawa ni kuweka `picha.crossOrigin = 'anonymous'` kabla ya kuipa `src`, na seva ya huko iwe imeruhusu kwa kichwa cha `Access-Control-Allow-Origin`. Isiporuhusu, hakuna ujanja wa upande wa kivinjari utakaokusaidia. Picha ambayo mteja amepakia mwenyewe kutoka kwenye simu yake haina shida hiyo.

Sasa turudi kwenye kivuli. Nambari zilizosomwa pale ni 0, 0, 0, 51. Tatu za kwanza ni nyeusi kweli, lakini 51 kugawa kwa 255 ni 0.2, maana yake nyeusi hiyo imeziba sehemu moja tu kati ya tano. Ni kama kioo cha matatu kilichotiwa tinti: tinti yenyewe ni nyeusi, ila unachokiona kinategemea kilichoko upande wa pili. Kanvasi inakwambia tinti. Jicho la mteja linaona tinti pamoja na kilicho nyuma yake, na nyuma ya nembo hii kuna ukurasa mweupe.

Kivinjari kinapoonyesha pikseli hiyo, hufanya hesabu hii kwa kila rangi peke yake:

```
inayoonekana = rangi × alfa + nyuma × (1 − alfa)
```

Kwa kivuli chetu juu ya nyeupe ni 0 × 0.2 + 255 × 0.8, yaani 204. Zote tatu zinakuwa 204, na hicho ndicho kijivu hafifu alichokiona mteja. Pikseli ya ukingo wa herufi nyekundu inashangaza zaidi. Tuseme imesomwa 200, 30, 40, 51. Ukitazama tatu za kwanza ni nyekundu iliyokolea, lakini ukipiga hesabu juu ya nyeupe unapata 244, 210, 212, waridi iliyopauka. Ukurasa uleule ukiwa katika hali ya giza, nyuma ikiwa 18, 18, 18, kile kivuli kinakuwa 14 na hakionekani kabisa. Pikseli haijabadilika; kilichobadilika ni kilicho nyuma yake.

Wengi hujaribu kurekebisha kwa kuipa kanvasi `background: white` katika CSS. Haisaidii. Rangi hiyo iko nyuma ya kanvasi, si ndani yake, na `getImageData` husoma kilicho ndani tu. Ukitaka nambari zifuate jicho, paka nyeupe ndani ya kanvasi kabla ya kuchora picha:

```js
ctx.fillStyle = '#fff';
ctx.fillRect(0, 0, kanvasi.width, kanvasi.height);
ctx.drawImage(picha, 0, 0);
```

Kuanzia hapo kila pikseli itasomeka na alfa ya 255, na kivuli kitatoka 204, 204, 204. Kwa duka la fulana mimi ningeenda mbele kidogo: badala ya nyeupe, nipake rangi ya fulana yenyewe. Kivuli juu ya kitambaa cha kijani si kijivu, na mteja ni bora alijue hilo kabla ya kulipa. Ila ukishapaka, uwazi wa awali umepotea kwenye kanvasi hiyo. Ukiuhitaji baadaye, tumia kanvasi mbili, au acha picha ilivyo na upige hesabu ile juu ya nambari ulizosoma.

Kuna jambo jingine ambalo huwachanganya hata wazoefu. Kwa kawaida kanvasi haihifadhi rangi kama ulivyoiweka, bali huhifadhi rangi ikiwa tayari imezidishwa kwa alfa, kisha huigawa tena unapoisoma. Kwa kuwa kila nambari ni nzima, kuna kinachopotea njiani. Weka 200, 100, 50 yenye alfa 2 kwa `putImageData`. Nyekundu inakuwa 200 × 2 ÷ 255, karibu 1.57, ikahifadhiwa 2. Kijani inakuwa 1. Bluu inaishia 0. Ukisoma, 2 × 255 ÷ 2 inarudi 255, kijani inarudi 127 au 128, na bluu haipo tena. Uliweka kahawia, umesoma chungwa kali. Alfa ikiwa kubwa tofauti huwa ndogo sana, mara nyingi nambari moja juu au chini, na wino hautaijua.

Alfa ikifika 0, hakuna cha kugawa, na jibu ni 0, 0, 0, 0, hata kama faili la PNG lilikuwa na nyekundu iliyofichwa pale. Kwa hiyo anayebofya sehemu tupu ya nembo ataambiwa nyeusi pia, isipokuwa programu iangalie `a` kwanza. Katika ukurasa wa duka, alfa ikiwa chini ya 10 hivi ningemwandikia tu mteja: "Hapa hakuna rangi, bofya kwenye maandishi."