Hundi ya Tarehe ya Mbele: Iandikwe Wapi Kabla Haijafika Benki?

Wauzaji wa jumla nchini Kenya, hasa wa vifaa vya ujenzi na vyakula, huchukua hundi za tarehe ya mbele kila wiki. Mteja hubeba mzigo leo na kuacha hundi za mwezi huu, ujao na ule wa tatu. Kisheria hundi hizo hazina kasoro: Sheria ya Hati za Malipo, Sura ya 27, inasema hati haibatiliki kwa sababu tu imeandikwa tarehe ya mbele. Matatizo huanzia kwenye vitabu vya muuzaji, siku ile ile karani anapozipokea.

Tuchukue mfano. Duka la jumla linamuuzia mteja saruji na mabati tarehe 6 Mei 2025 kwa Sh1,200,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 16, yaani Sh192,000, ankara inafika Sh1,392,000. Mteja anaandika hundi tatu za Sh464,000 kila moja, za tarehe 31 Mei, 30 Juni na 31 Julai. Asingeweza kuandika moja ya kiasi chote hata angetaka, kwa kuwa tangu Oktoba 2009 hundi inayozidi Sh1,000,000 haipiti kwenye mfumo wa kubadilishana hundi baina ya benki. Kiasi kinachozidi hapo hutumwa kwa RTGS, mfumo wa kuhamisha pesa moja kwa moja kutoka benki hadi benki.

Karani ana hundi tatu mkononi. Wengi hapo huandika risiti, wakaingiza Sh1,392,000 kwenye akaunti ya Benki na kufuta deni la mteja. Ingizo hilo lina makosa mawili, na la pili ndilo linaloangusha maduka.

La kwanza huonekana upesi. Kompyuta inaonyesha benki kuna pesa ambazo hazipo, na kila mwezi anayelinganisha vitabu na taarifa ya benki anakuta hundi zile zile zimetajwa kuwa "zimewekwa ila hazijaonekana". Orodha hiyo ikishakuwa ndefu, hakuna anayeikagua tena, na hundi iliyopotea kweli hujificha humo humo.

La pili halionekani mpaka limeshauma. Tuseme mteja huyu amewekewa kikomo cha mkopo cha Sh1,500,000. Deni likishafutwa, leja yake inasoma sifuri. Tarehe 20 Mei anarudi kuchukua mzigo mwingine wa Sh1,400,000, mfumo unakubali, na muuzaji wa zamu hana sababu ya kumkatalia. Kwa kweli mteja sasa ameshika mali ya Sh2,792,000 bila kulipa hata shilingi, karibu maradufu ya kikomo alichowekewa.

Dawa ni kufungua akaunti ya tatu, iite Hundi Zinazosubiri, iliyo kundi moja na wadaiwa na wala si kundi la fedha taslimu. Siku ya kupokea, debiti Hundi Zinazosubiri na krediti Wadaiwa. Benki usiiguse. Kisha kikomo cha mkopo kipimwe kwa jumla ya akaunti zote mbili za mteja huyo. Programu yako isipoweza kujumlisha hivyo, ni heri uache deni lilivyo kwenye Wadaiwa na hundi uziandike kwenye daftari pembeni. Njia hiyo haipendezi sana machoni, lakini haidanganyi.

Daftari la hundi linahitajika hata kama una programu. Andika tarehe ya kupokea, namba ya hundi, benki na tawi, tarehe iliyo kwenye hundi, kiasi, namba ya ankara inayolipiwa, na nafasi ya matokeo. Lipangwe kwa tarehe ya kuiva, si kwa jina la mteja, maana swali la kila asubuhi ni moja: leo inaiva ipi? Anayeshika ufunguo wa sanduku la hundi asiwe yule anayeandika leja za wateja.

Kabla ya kuifungia sandukuni, linganisha kiasi cha maneno na cha tarakimu, jina la duka lako lilivyo kwenye akaunti ya benki, saini, na mwaka. Iliyofutwafutwa irudishe uandikiwe nyingine. Usiikunje wala kuipiga stepla kwenye utepe wa namba ulio chini, kwa sababu mashine ya benki husoma hapo, na tangu 2011 kinachosafiri kati ya benki ni picha ya hundi.

Sasa tarehe ya kuiva. Hundi ya kwanza ni ya 31 Mei 2025, ambayo ni Jumamosi. Madaraka Dei ikaangukia Jumapili, kwa hiyo Jumatatu tarehe 2 Juni nayo ni sikukuu. Hundi inaingia kwenye mzunguko Jumanne tarehe 3, na ikipita, pesa zinapatikana siku ya kazi inayofuata, tarehe 4. VAT ya mauzo ya Mei inadaiwa kufikia tarehe 20 Juni, yote Sh192,000, ingawa umelipwa theluthi tu ya ankara. KRA haingoji hundi zako ziive. Panga hilo unapokubali tarehe, si baadaye.

Kuiwahisha hakusaidii. Benki itairudisha kwa kuwa tarehe haijafika, na huenda ukakatwa ada. Kuichelewesha nako kuna mwisho wake: ikipita miezi sita tangu tarehe iliyoandikwa, benki huihesabu kuwa imechakaa. Na hundi ikiwa bado sandukuni, mteja anaweza kuisimamisha. Akifariki na benki yake ikaarifiwa, haitailipa.

Siku ya kuweka, debiti Benki na krediti Hundi Zinazosubiri. Tuseme ya pili inawekwa Jumatatu tarehe 30 Juni na kurudi tarehe 1 Julai kwa kukosa pesa. Imebaunsi, kama wasemavyo wafanyabiashara. Usifute ingizo la awali. Andika jipya: debiti Wadaiwa Sh464,000, krediti Benki kiasi hicho hicho. Angalia pia umri wa deni. Programu nyingi zitalihesabu kama deni la tarehe 1 Julai, changa kabisa, ilhali ankara ni ya 6 Mei na deni lina siku 56. Lifunge tena kwenye ankara yake ya asili.

Kama mwaka wako wa hesabu unafungwa 30 Juni, Sh464,000 hizo zisionekane kama pesa benki kwenye mizania. Kurudi kwa hundi kesho yake ni ushahidi kwamba siku ya kufunga mteja hakuwa na pesa. Zirudishe kwenye wadaiwa na ujiulize kama hundi ya Julai nayo haihitaji kutengewa hasara.

Wenye maduka wengi hukimbilia polisi. Kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya mtu anayetoa hundi akijua akaunti haina pesa za kutosha kuwa mkosaji, lakini kifungu hicho hicho kinaiondoa hundi ya tarehe ya mbele kwenye kosa hilo. Ulipoipokea ulijua pesa hazipo bado. Mambo ni tofauti ikiwa aliyeiandika alijua akaunti imefungwa, au alikuwa ameshaiagiza benki isilipe.

Njia iliyobaki ni ya madai. Mwarifu mteja kwa maandishi mara hundi inaporudi, ukitaja namba yake, kiasi na sababu iliyotolewa na benki, kisha itunze hundi pamoja na ankara na hati ya kupokea mzigo. Hundi iliyorudi ni ushahidi mzito wa deni mahakamani. Usiirudishe kwa mteja kabla pesa mbadala hazijaingia, hata akikuahidi nyingine kesho. Na ile ya 31 Julai, mpigie simu wiki moja kabla.