Asilimia ya walioacha kazi si alama ya mtihani ya meneja

Kila robo mwaka, ripoti ya walioacha kazi ikifika mezani, bodi hutafuta idara yenye asilimia kubwa na kuuliza, "Nani anaiongoza?" Swali hilo likishatangulia, mameneja huanza kuficha sababu, na ripoti inayofuata huwa haina maana.

Dhana: Idara inayopoteza watu wengi ina meneja mbaya.

Tuchukue mfano wa kampuni ya usambazaji Dar es Salaam. Ghala lina watu 30, na kwa mwaka mmoja 10 wamejiuzulu. Ni theluthi nzima, na mkuu wa ghala tayari anaonekana mkosaji. Sasa gawa namba hiyo kwa zamu. Zamu ya usiku yenye watu 14 imepoteza 8. Ya mchana yenye watu 16 imepoteza 2. Mkuu ni yuleyule, kanuni zake ni zilezile. Kinachotofautiana ni saa: zamu ya usiku huanza saa 11 jioni na kuisha saa 7 usiku, wakati daladala zimeadimika na bodaboda inakula sehemu nzuri ya ujira wa siku. Saa hizo hazikupangwa na mkuu wa ghala. Zilipitishwa na menejimenti ya juu pamoja na bajeti.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika jina la idara, gawa namba kwa zamu, kwa muda mtu aliokaa kazini na kwa ngazi ya mshahara. Angalia pia kiwango kilikuwaje kabla ya meneja wa sasa. Kama hakijabadilika, chanzo kimo katika masharti ya kazi yenyewe. Kisha, pembeni ya kila sababu, andika nani ana mamlaka ya kuibadilisha: bodi, fedha, rasilimali watu au idara. Safu hiyo moja hubadilisha mjadala kuliko aya tano za maelezo. Idara ya watu watano usiipe asilimia kabisa, maana akiondoka mmoja tu inasomeka 20.

Na kama kweli kuna meneja anayenyanyasa watu? Hilo lina utaratibu wake wa malalamiko na nidhamu, wenye ushahidi na haki ya kujitetea. Ripoti ya bodi si mahali pa kumhukumu mtu kwa wastani.

Dhana: Gharama ya kumpoteza mtu ni tangazo la kazi tu.

Wengine hukosea upande wa pili na kurundika kila kitu, hata malipo ya likizo ambayo mtu hakuichukua. Hilo ni deni lililokuwepo hata asingeondoka, kwa hiyo litoe.

Kwa karani wa ghala wa shilingi 600,000 kwa mwezi, hesabu ya mfano ni hii: saa za ziada za wenzake kwa wiki sita nafasi ikiwa wazi, 810,000, tangazo na usaili, 250,000, vipimo vya afya na vifaa, 150,000, miezi miwili ya mgeni kufanya nusu ya kazi, 600,000, muda wa anayemfundisha, 180,000. Ondoa 900,000 za mshahara usiolipwa nafasi ilipokuwa wazi. Inabaki 1,090,000. Bodi ikiona umetoa kilichookolewa, itaiamini namba yako.

Dhana: Fomu ya kuondoka inasema "maslahi zaidi", basi dawa ni kupandisha mishahara.

Mtu anayesubiri cheti chake cha utumishi haandiki ugomvi. Mpigie umuulize tena baada ya miezi mitatu, na anayempigia asiwe aliyekuwa bosi wake.

Dhana: Walioondoka wote ni hesabu moja.

Hapana. Mikataba iliyoisha, waliostaafu na walioachishwa wawe na mistari yao. Kampuni ya wastani wa watu 180 iliyoondokewa na 36 ina asilimia 20, lakini kama waliojiuzulu ni 21, kiwango cha kufanyia kazi ni 11.7.

Dhana: Hatua za kubakiza watu lazima ziwe ghali.

Turudi ghalani. Zamu ikihamishiwa saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, watu wanapata usafiri wakienda na wakirudi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi, na inataka nyongeza isiyopungua asilimia 5 kwa kila saa. Saa za usiku zinapanda kutoka tano hadi nane, yaani, kwa mshahara uleule wa 600,000, kama shilingi 460 zaidi kwa mtu kwa zamu moja. Kwa watu 14 wanaofanya zamu 22 kwa mwezi, ni karibu 1,700,000 kwa mwaka. Wakibaki wawili tu ambao wangeondoka, gharama imerudi. Malori yanayopakia kabla ya saa 4 usiku yakikwamisha mpango huu, liseme hilo kwenye ripoti ileile, pamoja na jina la cheo kitakacholijibu na tarehe ya kupima tena, miezi sita baadaye, kwa mgawanyo uleule wa zamu.