Video imetulia, lakini taa bado zina mikia

Mteja mmoja aliniletea klipu ya sekunde 34 aliyoipiga akitembea nyuma ya mtu kwenye ukumbi mrefu wenye safu ya taa darini. Ilikuwa ya 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, yaani kila fremu ilipokea mwanga kwa 1/50 ya sekunde. Ilitikisika kwa kila hatua. Alichotaka ni kimoja tu: "Itulize, ionekane kama imepigwa na mashine."

Kazi kama hii huwa naanza na programu ya ffmpeg yenye maktaba ya libvidstab, kwa sababu inanionyesha inachofanya. Inapita mara mbili. Mara ya kwanza inapima fremu imesogea kiasi gani ikilinganishwa na iliyotangulia, kushoto, kulia, juu, chini na kwa kuzunguka, kisha inaandika vipimo hivyo kwenye faili. Mara ya pili inausoma mwendo huo, inaulainisha, na kusogeza kila fremu ili iufuate mwendo laini.

```
ffmpeg -i ukumbi.mp4 -vf vidstabdetect=shakiness=6:result=u.trf -f null -
ffmpeg -i ukumbi.mp4 -vf vidstabtransform=input=u.trf:smoothing=12 tulivu.mp4
```

Ile `smoothing=12` maana yake programu inaangalia fremu 12 nyuma na 12 mbele. Ukijumlisha na iliyopo katikati unapata 25, yaani sekunde nzima ya klipu hii. Fremu zikisogezwa, kingo zinabaki tupu, kwa hiyo programu inaikuza picha kidogo ili kuziba. Hapa ilikuza kwa karibu asilimia 15, ikawa picha inayoonekana inatoka kwenye eneo la pikseli 1670 kwa 939 hivi. Hasara hiyo inavumilika, na anayepiga kwa 4K ilhali atatoa kazi ya 1080 haihisi kabisa.

Nikaichezesha. Kuta zimetulia, mlango wa mwisho wa ukumbi hauchezi. Lakini kila nusu sekunde picha nzima inaingia ukungu kwa fremu mbili tatu, kisha inarudi kuwa kali. Nilisimamisha kwenye ukungu mmojawapo, nikasogea fremu moja moja. Kila taa darini ilikuwa na mkia mfupi unaoelekea chini, na taa zote zilikuwa na mkia wa urefu ule ule. Nikahesabu fremu kutoka mkia hadi mkia: 12, kisha 13, kisha 12. Hizo ni nyayo za mpigapicha, hatua mbili kwa sekunde. Mguu ulipotua, kamera iliinama kwa ghafla wakati shata iko wazi.

Mkia ule programu haiuoni kuwa kosa. Kwake fremu ni karatasi moja ambayo inaweza kuisogeza, kuizungusha au kuikuza. Kilichochorwa ndani ya karatasi kinabaki kilivyo. Na ajabu yake, ukungu ule ule haukumsumbua mtu kwenye klipu ya awali, kwa sababu jicho liliona picha inaruka na likaona pia mchirizi wa kuruka. Ukiuondoa mruko ukauacha mchirizi, mtazamaji anaona picha iliyosimama ikipatwa na kwikwi.

Hesabu yake ni nyepesi. Lenzi iliyotumika ilikuwa inaona takriban nyuzi 60 kwa upana, na upana huo una pikseli 1920, kwa hiyo kila nyuzi moja ni kama pikseli 32. Tuseme kishindo cha mguu kiliipindua kamera kwa kasi ya nyuzi 20 kwa sekunde. Katika 1/50 ya sekunde imepinda nyuzi 0.4, nayo ni mchirizi wa pikseli 13. Kwa 1/200 ungekuwa pikseli 3, ambazo hakuna atakayezilalamikia. Sasa vuta lenzi mpaka ione nyuzi 15 tu: mkono ule ule na shata ile ile ya 1/50 vinakupa pikseli 51. Ndiyo maana klipu zilizopigwa kwa kuvuta mbali huwa nazikataa mapema.

Kulikuwa na tatizo la pili, dogo zaidi kwa klipu hii ila lipo. Mtu akitembea, kamera haipindi tu, inapanda na kushuka pia. Ikishuka sentimita 4, ukuta ulio mita 10 mbele unahama pikseli 7 hivi, lakini nguzo iliyo mita 1 kutoka kwenye lenzi inahama zaidi ya 60. Hakuna msogeo mmoja wa karatasi unaotuliza vyote viwili. Programu ilishika ukuta, na kila nguzo iliyopita pembeni ilidunda. Kamera zinazorekodi data za jairoskopu hazikuokoi hapa, kwa kuwa jairoskopu inapima kupinda, haipimi kupanda na kushuka. Dawa ni magoti: ukiyakunja kidogo na kutanguliza kisigino, ukiushusha wayo taratibu, kamera inaacha kudunda.

Kwa klipu ile ile, nilichoweza kufanya kilimshangaza mteja: nilipunguza utulizaji. Niliweka `smoothing=4`, dirisha la fremu 9, fupi kuliko hatua moja. Sehemu ya mtikisiko wa hatua ikarudi, na ukungu ukapata tena sababu ya kuwepo. Ilionekana kama kazi ya mkono, mkono wa mtu makini. Aliikubali, shingo upande.

Tukapanga kupiga upya. Nilimwambia aweke shata 1/200, na hapo nikakosea mimi. Umeme wa pale ni wa hertzi 50, na zile taa zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kwa 1/50 kila fremu inapata mizunguko miwili kamili ya mwanga, kwa 1/100 mmoja kamili, lakini kwa 1/200 inapata nusu tu. Na kwa kuwa kihisi kinasoma picha mstari kwa mstari, mistari ya juu ilipata nusu angavu na ya chini nusu iliyofifia. Kwenye jaribio la kwanza kulikuwa na mapande ya kiza yanayoteremka ukutani, na hayo kuyafuta ni balaa kuliko mtikisiko. (Penye hertzi 60, namba salama ni 1/60 na 1/120.)

Basi tukashuka hadi 1/100. Mwanga ulipungua nusu, tukapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kutoka 800 hadi 1600. Lakini mchirizi bado ungekuwa pikseli 6 au 7, na shata haikuwa na pa kwenda tena. Kilichobaki kilikuwa mwili wake. Akaibana mikono yote miwili mbavuni, ukanda wa kamera umekazwa shingoni, magoti yamelegea, na yule wa mbele tukamwomba apunguze mwendo. Kishindo kikipungua hadi nyuzi 10 kwa sekunde, 1/100 inaacha pikseli 3.

Mapigo matatu, la tatu ndilo lililofaa. Niliendesha amri zile zile mbili, na `smoothing=12` ile ile. Nikasimamisha kwenye kila hatua, nikakuza darini. Taa zilikuwa duara.