Tundu la chaji linapolegea: kulehemu au kubadilisha?

Mwalimu mmoja aliniletea kompyuta mpakato ambayo ilikuwa inaingiza chaji pale tu waya ulipoinuliwa juu na kufungwa kwa mpira. Taa ya chaji iliwaka na kuzima kila nilipougusa waya, na baada ya dakika 10 kichwa cha chaja kilikuwa cha moto kiasi cha kutoshikika.

Nilianza kwa kujaribu chaja nyingine ya volti na ampea zilezile, kwa sababu mara nyingi waya hukatikia shingoni mwa chaja na tundu likalaumiwa bure. Hali haikubadilika, hivyo tatizo lilikuwa ndani ya mashine.

Ndani ya tundu la mviringo kuna pini katikati na ulimi wa bati unaokibana kichwa cha chaja kwa ubavu. Ulimi huo hupoteza mkazo kadiri chaja inavyochomekwa na kuchomolewa, na zaidi sana mtu anapotumia mashine mapajani huku waya ukivutwa upande, kwa kuwa kichwa kirefu hufanya kazi ya mtaimbo na nguvu yote huishia kwenye miguu ya tundu iliyolehemiwa kwenye bodi. Mguso ukilegea, joto huongezeka: chaja ya volti 19 ikitoa ampea 3.4 kupitia mguso wenye ukinzani wa nusu omu, karibu wati 6 hugeuka joto mahali padogo kama punje ya mahindi. Joto hilo hulegeza ulimi zaidi na kuyeyusha plastiki, kwa hiyo kuendelea kutumia mashine katika hali hiyo ni hatari.

Mita inaweza kudanganya hapa. Mashine ikiwa haivuti umeme, volti 19 husomeka kamili hata kwenye mguso mbovu. Pima nyuma ya tundu wakati inachaji, na upungufu wa volti moja na nusu au zaidi utaonekana.

Je, kulehemu ni busara? Kama tundu limeunganishwa na bodi kwa kebo na soketi, hakuna haja: badilisha kebo nzima. Kama limelehemiwa moja kwa moja, kuongeza lehemu juu ya ufa husaidia ikiwa tu ulimi wa ndani bado una mkazo, jambo ambalo ni nadra. Mimi hulitoa tundu lote na kuweka jipya, betri ikiwa imechomolewa kwanza. Ugumu uko kwenye mguu wa hasi, ambao umeshikamana na shaba pana inayonyonya joto, na fundi mwenye pasi ya kulehemu iliyo dhaifu huishia kuuvuta mguu huo kwa nguvu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mashine ya mwalimu. Fundi aliyetangulia alikuwa ameng'oa pete ya shaba ya mguu mmoja, na ilinibidi kupitisha waya mnene kutoka kwenye tundu jipya hadi sehemu ya bodi yenye shaba nzima.